Pesa ya Usiku wa Kwanza: Ombi Langu kwa Ukoo Wetu

Leo sitahubiri. Leo naandikia ukoo wangu, na nimeamua kuiweka barua hii hapa kwa sababu wengi wenu mmeniandikia inbox mkiuliza jambo hili hili, na kwa sababu jamaa zangu karibu wote wako kwenye ukurasa huu. Kaka zangu, dada zangu, shangazi zangu, wajomba, binamu, someni mpaka mwisho kabla hamjanipigia simu.

Mnakumbuka ule usiku wa Machi mwaka jana. Mama aliteleza akitoka bafuni kule nyumbani, akaanguka kwa upande, na nyonga ikakataa. Simu yangu iliita saa nane usiku. Boda boda haiwezi kubeba mtu wa nyonga, kwa hivyo jirani akaamshwa atoe probox yake, na akataka 3,500 kwanza ya mafuta na ya kuamshwa. Tulipofika hospitali, wakampiga sindano ya maumivu, wakamlaza kwenye machela kando ya ukuta, kisha wakatuambia kumlaza wodini kunahitaji depoziti ya 30,000.

Ndiyo, najua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ile sindano ndiyo ilikuwa matibabu ya dharura. Kitanda, picha na daktari wa mifupa vilikuwa jambo lingine, na saa tisa usiku huna nguvu za kusimama na karani kubishana juu ya katiba.

Basi nikaanza kupiga simu. Wa Nairobi alikuwa na 2,000. Wa Mombasa alikuwa amezima simu. Binamu alituma 500 na kuomba radhi kana kwamba amenikosea. Mwingine alichukua Fuliza atutumie 4,000. Tulifikisha 30,000 saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Karibu saa tatu Mama alikuwa kwenye ile machela, akiniuliza kama nimekunywa chai.

Sasa sikizeni vizuri. Siku ya Jumapili, siku nne baadaye, tulifanya mchango kwenye WhatsApp na pesa zilipita 180,000. Jamaa ni wale wale, na mifuko ni ile ile. Kwa hivyo tusiseme hatupendani, na tusiseme hatuna pesa. Tulikuwa na 180,000 kwa siku nne, lakini hatukuwa na 30,000 kwa nusu saa.

Hilo pengo ndilo naloliandikia. Siombi tuanzishe mfuko wa kulipa bili zote za ukoo, maana huo utatushinda. Naomba mfuko mdogo wenye kazi moja, nayo ni kulipa usiku wa kwanza. Gari la kumfikisha mtu, depoziti ya kumlaza, siku za kwanza za mochari. Bili kubwa tutaichangia kama tulivyozoea, kukiwa kumekucha na kila mtu simu yake iko hewani.

Nani atachanga, na kiasi gani

Nimehesabu nyumba zetu zenye mtu mzima anayepata chochote. Ziko 14. Tisa kati yake zina mshahara au biashara inayosimama. Tano ni za vibarua, au za vijana wanaotafuta.

Ninapendekeza zile tisa zitoe 500 kwa mwezi, na zile tano zitoe 200. Hiyo ni 4,500 na 1,000, jumla 5,500 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 66,000.

Mtu ataniuliza, mbona usiseme 2,000 kila nyumba tupate pesa ya maana? Nimeona michango ya namna hiyo. Mwezi wa kwanza watu wote wanatoa. Mwezi wa nne wanatoa sita. Mwezi wa saba anatoa mmoja, tena kwa hasira. Kiasi kinachofaa ni kile ambacho yule wa chini kabisa anaweza kutoa katika mwezi wake mbaya, si katika mwezi wake mzuri. Na anayetoa 200 ana haki sawa kabisa na anayetoa 500. Wakati wa kuanguka bafuni hatutauliza risiti.

Siku ya kuchanga iwe tarehe tano ya kila mwezi. Mshahara umeingia, kodi ya nyumba imelipwa, na wa biashara amejua mwezi umeanzaje. Anayetuma alipie gharama ya kutuma mwenyewe, ili 500 ifike ikiwa 500.

Akikwama je? Anayesema "mwezi huu sina" hadaiwi, na hatatajwa kwenye kundi. Anayenyamaza miezi mitatu ndiye atapigiwa simu, na simu hiyo ipigwe na dada mkubwa, kwa upole. Asiporudi, nyumba yake haifungiwi mlango. Watoto na wazee hawatanyimwa kamwe kwa sababu ya kosa la mtu mwingine. Lakini yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye uwezo aliyeamua tu kunyamaza, atakachopewa kitakuwa deni atakalolipa. Nadhani hiyo ni haki bila kuwa ukatili.

Na tuweke kikomo cha juu. Mfuko ukifika 120,000, tuache kuchanga mpaka utumike. Bila dharura yoyote itatuchukua karibu miezi 22 kufika hapo. Sababu yangu ni kwamba pesa nyingi iliyokaa bila kazi huanza kutafutiwa kazi. Mmoja atasema tununue ploti, mwingine atasema tumkopeshe fulani, na hapo mfuko wa usiku wa kwanza utakuwa umekufa.

Maswali matatu ya kutoa pesa

Hapa ndipo mifuko mingi ya familia huvunjikia, kwa sababu kila mtu ana maana yake ya neno "dharura". Kwa mwenye karo, karo ni dharura. Kwa mwenye harusi, harusi ni dharura. Tusipokubaliana leo tukiwa tumetulia, tutakuja kugombana usiku tukiwa na hofu.

Ninapendekeza maswali matatu. La kwanza lazima lijibiwe hapana, na mawili yanayofuata lazima yajibiwe ndiyo.

Swali la kwanza: wiki iliyopita tungeweza kulijua jambo hili? Kama tungeweza, si dharura, ni mpango uliochelewa. Karo ya kidato cha kwanza ina tarehe. Mahari ina tarehe. Kliniki ya kila mwezi ina tarehe.

Swali la pili: likingoja siku tatu, kuna mtu ataumia mwilini, au atalala nje, au mwili wa marehemu utakosa mahali? Nimesema siku tatu kwa sababu huo ndio muda ambao mchango wetu wa kawaida huanza kuleta pesa. Linaloweza kungoja siku tatu, lingoje mchango.

Swali la tatu: pesa inaweza kwenda moja kwa moja kwa anayetoa huduma? Yaani kwa Paybill ya hospitali, kwa dereva, kwa mochari, kwa duka la mabati. Tusiitume kwa mkono wa mwenye shida, hata kama ni mimi. Simaanishi kwamba jamaa zetu ni wezi. Nasema mtu mwenye hofu ana madeni mengine yanayomwangalia, na laini inayodaiwa Fuliza hukatwa kila pesa inayoingia. Unaweza kutumia ndugu yako 15,000 ya hospitali, akabaki na 9,000, na hajakuibia hata senti.

Kiasi nacho kiwe na mpaka. Kwa dharura moja tusitoe zaidi ya 30,000, na tusitoe zaidi ya nusu ya kilichomo. Ile nusu inayobaki ni ya mtu wa pili. Shida zina tabia ya kuja mbili mbili, nanyi mnajua ukoo wetu.

Msiba uwe na kiasi chake, 15,000, bila mjadala. Nimeona familia zikijadili thamani ya marehemu mbele ya wajane. Tusifike huko.

Na kinachotolewa kwa hospitali au msiba ni zawadi. Hakirudishwi. Isipokuwa yule aliyenyamaza niliyemtaja juu, mfuko huu haukopeshi mtu yeyote, kwa riba wala bila riba. Nitarudi kwa hilo, maana kaka mkubwa najua tayari umekunja uso.

Pesa itakaa wapi

Hili ni la watu wawili kulielewa vizuri na wengine kuliamini, lakini nitalieleza kwa wote.

Benki ni salama, lakini benki yenye watia sahihi wawili haiwezi kukusaidia saa nane usiku. Sako ni nzuri kwa kujenga, lakini akiba ile inayokupa mkopo huwezi kuitoa mpaka ujitoe uanachama, na kujitoa kuna notisi ya siku sitini. Mfuko wa soko la fedha hulipa riba, lakini ukiomba pesa zako mara nyingi huchukua siku za kazi kadhaa kufika, na Jumapili si siku ya kazi. Simu ina M-Pesa usiku kucha, lakini laini ni ya mtu mmoja, na huyo mtu akifa, kilicho kwenye laini yake ni mali yake kisheria. Familia italazimika kushughulikia mirathi ndipo ipate kile kilichokuwa chake tangu mwanzo. Hata ukiwa na kitabu cha mahesabu.

Kwa hivyo tugawanye. Elfu thelathini zikae kwenye laini mbili za simu, 15,000 kila moja, kwa watunzaji wawili walio miji tofauti. Kila kinachozidi hapo kiende kwenye akaunti ya kikundi benki, yenye watia sahihi watatu, na wawili kati yao wakitosha kutoa. Laini mbili ni kwa sababu simu moja inaweza kuzimika, na kwa sababu mtunzaji naye anaweza kuwa ndiye aliye hospitali. Na ikitokea laini moja imepotea kabisa, tumepoteza 15,000. Tutalia, lakini hatutavunjika.

Laini hizo ziwe mpya, za kazi hiyo tu, na Fuliza isiwashwe. Asinunue nazo mkate. Mtu akichanganya pesa zake na za mfuko kwa wiki mbili tu, hata yeye hawezi tena kujua zipi ni zipi.

Akaunti ya kikundi itatudai kazi kidogo. Benki itataka kumbukumbu za kikao, majina ya wanachama, nakala za vitambulisho na PIN za KRA za watia sahihi, na mara nyingi cheti cha usajili. Cheti hicho hutolewa na ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022. Tuwape miezi sita ya kwanza kulifanya hilo. Kufikia hapo tutakuwa na 33,000, na laini mbili ndipo zimejaa.

Usiku ukifika, mwenye shida anampigia mtunzaji yeyote kati ya wawili. Mtunzaji anauliza yale maswali matatu. Anamtafuta mwenzake kwa simu. Mwenzake akisema ndiyo, wanalipa. Mwenzake asipopatikana kwa dakika kumi na tano, mtunzaji alipe peke yake kutoka laini yake, na asubuhi aeleze. Kisha ile meseji ya M-Pesa, nzima, inatumwa kwenye kundi la familia. Nzima ina maana yake. Meseji ile huonyesha aliyelipwa, saa, na salio lililobaki. Kila tunapolipa, ukoo wote unaona pia kilichosalia.

Kwa sababu meseji inaweza kuandikwa upya na mtu mwenye vidole vyepesi, kila robo mwaka watunzaji wabadilishane taarifa kamili za M-Pesa na kuziweka kwenye kundi. Hakuna haja ya mkaguzi. Watoto wetu waliosoma wataijumlisha kwa dakika mbili.

Tupime kwa yaliyotupata

Kanuni tamu kwa mdomo si kitu. Nimechukua kalamu nikajifanya tulianza Januari ya mwaka juzi, nikapitisha mambo yetu yenyewe ya miaka miwili.

Mei, mtoto wa binamu alimwagikiwa na uji. Hatukulijua, halingoji, na hospitali ina Paybill. Tulikuwa tumechanga 27,500. Hospitali ilitaka 8,000. Tunalipa, zinabaki 19,500.

Septemba, baba mdogo alitutoka. Kwa miezi minne tumeongeza 22,000, tuna 41,500. Tunatoa 15,000 ya msiba. Zinabaki 26,500.

Kati ya Septemba na Machi nakumbuka maombi mawili yaliyokuja kwangu. La kwanza ni karo ya kidato cha kwanza. Jibu ni hapana, ina tarehe. La pili ni injini ya boda boda ya mpwa wetu. Hili liliniuma hata nikiandika kwenye karatasi tu, kwa sababu ile boda ndiyo unga wa nyumba yake. Lakini injini ilikuwa inatoa moshi tangu Julai na kila mtu aliiona. Jibu ni hapana kwa mfuko huu. Jibu ni ndiyo kwa mchango wa kawaida, na mimi mwenyewe niwe wa kwanza kuchanga. Tofauti hiyo ndiyo italinda mfuko, na ndiyo itakayotugharimu urafiki kidogo mwaka wa kwanza.

Machi, Mama. Miezi sita imeleta 33,000, tuna 59,500. Nusu yake ni 29,750. Tulihitaji 3,500 za probox na 30,000 za depoziti, jumla 33,500. Mfuko ungepungukiwa na 3,750. Hizo ningezipata kwa simu mbili, na Mama angekuwa kitandani kabla ya saa tisa na nusu. Nimekaa na hesabu hiyo muda mrefu kuliko zile nyingine. Zinabaki 29,750.

Agosti, upepo uling'oa mabati ya shangazi, na mvua iko njiani. Hili ningelipitisha, maana mwanamke wa umri wake hawezi kulala nje siku tatu. Miezi mitano imetuleta 57,250. Tunalipa duka la mabati 10,000, si nyumba nzima, ni upande mmoja wa kulala. Zinabaki 47,250.

Mpaka Desemba, miezi minne mingine, tunafunga miaka miwili na 69,250. Tumechanga 132,000, tumetoa 62,750, na hakuna mtu amelala kwenye machela akingoja watu waamke.

Mtakayoniuliza

Kaka mkubwa, wewe utasema pesa inalala, tuikopeshe kwa riba ndogo izae. Nakuheshimu, na ni kweli bei zinapanda na shilingi iliyolala inapungua nguvu. Lakini fikiria. Siku tutakayohitaji pesa saa nane usiku, itakuwa kwa mtu. Tutampigia, naye atasema Ijumaa. Zaidi ya hapo, ukimkopesha ndugu akashindwa kulipa, unapoteza pesa na unapoteza ndugu, maana ataacha kuja nyumbani Krismasi akikwepa macho. Nimezika watu ambao hawakuongea na kaka zao kwa sababu ya mkopo wa chama. Kama tunataka chama cha kukopesha, tukianzishe, nitajiunga, lakini kwa pesa nyingine na kwa daftari lingine.

Dada wa Mombasa, wewe utasema kuna SHA, ya nini tena hii. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kila nyumba ya ukoo huu inapaswa kuwa imelipia. Aliye na mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimiwa kipato chake, na kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mfuko wetu hauchukui nafasi hiyo na haupaswi kutumika kulipia. Bima ni ya bili. Mfuko wetu ni wa yale ambayo bima haifiki kwa wakati, kama probox ya jirani, au kaunta inayosema mtandao uko chini, rudi asubuhi. Watunzaji watukumbushe kila Januari tupige *147# tuhakikishe tuko hai. Kama hatujalipia SHA, 30,000 zetu zitaisha siku ya kwanza na bili itabaki imesimama pale pale.

Na wengine mtasema, Mchungaji, wewe ndiye tunayekuamini, shika pesa wewe.

Hapana. Mimi sitashika.

Nitawaambia sababu, na si rahisi kuiandika mahali ambapo washirika wangu wanasoma. Miaka kadhaa iliyopita mlinikabidhi mchango wa msiba. Baada ya mazishi zilibaki 11,400. Niliziweka kwenye simu yangu nikingoja kikao. Kikao hakikuitwa. Mwezi ule nikakopa kutoka hapo 2,000 za mafuta, nikarudisha 1,000, nikakopa tena. Kufikia mwisho wa mwaka hazikuwepo, na sikuweza kusema ziliishia wapi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Si kwa sababu hamkukumbuka. Ni kwa sababu mimi ni mchungaji, na mliona aibu.

Mtu asiyeweza kuulizwa hafai kutunza pesa za watu. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mtunzaji, kuliko hata uaminifu: awe mtu ambaye mdogo kabisa kwenye ukoo anaweza kumuuliza "salio ni ngapi?" bila kutetemeka. Ninapendekeza binamu yetu muuguzi wa Eldoret, ambaye kwa zamu zake usiku yuko macho, na mdogo wetu wa mwisho aliye Mombasa. Watumikie mwaka mmoja, kisha wapokezane na wengine, hata kama wamefanya vizuri. Hasa kama wamefanya vizuri.

Zile 11,400 nitazileta kwenye kikao, mkononi, ziwe mchango wa kwanza. Si zawadi yangu. Ni zenu.

Dalili za kuangalia

Mtajuaje mfuko unaanza kuoza? Hauanzi na wizi. Unaanza na meseji ya M-Pesa inayokuja ikiwa imekatwa, bila salio. Unaanza na mtunzaji anayesema "nitaweka taarifa wikendi" mara mbili. Unaanza na ombi lililopitishwa kwa swali moja badala ya matatu kwa sababu mwombaji ni mkubwa. Ukiona moja, uliza siku hiyo hiyo kwenye kundi, kwa adabu, na asiwepo wa kukuambia huna heshima. Zikitokea mbili mwezi mmoja, watunzaji wabadilishwe bila kesi.

Na tuandike tangu leo namna ya kuufunga. Tukijaribu miezi kumi na miwili na ikatushinda, kilichobaki kigawanywe kwa kila nyumba kulingana na ilichochanga, na tubaki ndugu. Watu huogopa kuingia mahali pasipo na mlango wa kutokea.

Basi ombi langu ni hili. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, tukutane kwenye simu ya WhatsApp, dakika arobaini tu. Kila nyumba ije na jibu moja: 500, au 200, au bado. "Bado" pia ni jibu, na hatutauliza kwa nini. Nyumba nane zikikubali, tuanze tarehe tano inayofuata. Zisipofika nane, nitanyamaza mwaka huu.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Juzi ameniuliza kama ni kweli ule usiku tulikopa kwa watu. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi wakati mwingine nitaanguka mchana." Tulicheka wote. Lakini nilipokata simu nilikaa kwenye gari kwa muda kabla ya kuiwasha.

Mbarikiwe. Na wewe usiye wa ukoo wetu uliyesoma mpaka hapa, ichukue, badilisha tarakimu zilingane na nyumba zenu, uitume kwenye kundi lenu usiku wa leo.